Kutoa video ya wima kwenye rekodi ya mlalo: uso, maandishi na eneo salama

Rekodi ya mlalo iliyozoeleka ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Skrini ya simu iliyoshikwa wima inataka kinyume chake: upana 1080, kimo 1920. Ukichukua kimo chote cha rekodi na kukata humo dirisha la wima la uwiano wa 9:16, upana unaopata ni pikseli 607.5, pungufu kidogo ya theluthi moja ya picha. Zilizobaki zote zinatupwa. Dirisha hilo inabidi tena likuzwe mara 1.78 ili lijaze skrini.

Wengi hukata kwanza, wakaweka maandishi pale palipobaki nafasi, wakapakia, ndipo wanapoona mstari wa chini umelaliwa na jina la akaunti na nusu ya neno imejificha nyuma ya kitufe cha moyo. Kazi huwa nyepesi ukiigeuza: jua kwanza ni sehemu gani ya skrini iliyo yako, panga uso na maandishi ndani yake, halafu kata ili uso uangukie hapo.

Mfano tutakaoufuata ni mahojiano ya watu wawili kuhusu bei ya nafaka. Kamera ni moja juu ya tripodi, meza iko katikati, mtangazaji amekaa kushoto na mfanyabiashara kulia. Rekodi ni ya 1920 kwa 1080. Tunataka kipande cha sekunde 48 kinachoanza dakika ya 14 na sekunde 20.

## 1. Pima eneo salama

Meta, wenye Instagram na Facebook, huwashauri wanaotangaza kwenye Reels waache wazi asilimia 14 ya juu, asilimia 35 ya chini na asilimia 6 kila upande. Kwa fremu ya 1080 kwa 1920, hiyo ni pikseli 269 juu, 672 chini na 65 kila ubavu. Eneo lililo huru linaanzia mstari wa 269 kutoka juu na kuishia mstari wa 1248. Asilimia 35 inaonekana nyingi, lakini chini ndiko vinakojazana vitu: jina la akaunti, maelezo yako, jina la sauti na, kwenye tangazo, kitufe cha kubonyeza. Video isiyo tangazo hufunikwa sehemu ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo, ukipanga kwa kipimo kikali hutalazimika kuirudia siku utakapotaka kuilipia itangazwe.

Pembeni, pikseli 65 hazitoshi. Simu nyingi za sasa ni ndefu kuliko 9:16, na skrini ya 20:9 ni ya kawaida. Programu ikiamua kuijaza skrini hiyo yote kwa video yako, inaikuza kwa 1.25 na kukata kilichozidi kushoto na kulia. Ukipiga hesabu, unapoteza pikseli 108 kila upande wa fremu yako. Herufi iliyokaa pikseli 70 kutoka ukingoni inaondoka. Halafu upande wa kulia, kuanzia karibu na nusu ya skrini kushuka chini, kuna safu ya vitufe vya moyo, maoni na kushirikisha. Kwa hiyo maandishi yaache pikseli 150 kila upande. Kulia ndiko kwenye vitufe, lakini na kushoto acha kiasi kile kile ili mistari ibaki katikati.

Vipimo hivi havifanani kwenye TikTok, Reels, Shorts na Status ya WhatsApp, na programu zikisasishwa huweza kubadilika. Kipimo cha kuaminika ni cha simu yako. Tengeneza video ya majaribio yenye gridi ya miraba kumi kwa kumi kwa ffmpeg, programu inayohariri video kwa amri unazoandika kwenye kompyuta:

```
ffmpeg -f lavfi -i "color=c=gray:s=1080x1920:d=6:r=30,drawgrid=w=108:h=192:t=4:c=white" -pix_fmt yuv420p gridi.mp4
```

Kila mraba ni asilimia 10 ya upana na asilimia 10 ya kimo. Ipakie ionekane na wewe peke yako, andika maelezo marefu kama unayoandika kawaida, iangalie kwenye simu na upige picha ya skrini. Hesabu miraba iliyofunikwa juu, chini na kulia. Rudia kwenye kila mtandao unaoutumia, kisha chukua kipimo kikali kuliko vyote. Usiyaache maelezo tupu kwenye jaribio hili, kwa sababu mistari miwili ya maelezo hupanda juu kuliko mmoja, na jaribio lisilo na maelezo litakuonyesha nafasi ambayo hutakuwa nayo.

## 2. Hakikisha faili ni ya asili

Kwa kuwa utakuza picha kwa 1.78, kila kasoro iliyomo itakua pamoja nayo. Video iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa. Ukikata theluthi yake na kuikuza, uso unageuka viraka. Mwombe mwenye rekodi aitume kama hati, au ainakili moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera. Ukiitumiwa na hujui imepitia wapi, angalia taarifa za faili: upana wa 848 au 640 unakwambia kwamba si ya asili, hata kama jina la faili halijabadilika.

Rekodi ya 4K, yenye pikseli 3840 kwa 2160, ni habari nyingine. Dirisha lake la wima lina upana wa 1215, unaozidi 1080, kwa hiyo hakuna cha kukuza na una nafasi ya kusogea karibu kidogo. Anayejua tangu mwanzo kwamba video itahitajika kwa pande zote mbili na arekodi 4K, hata kama toleo la mlalo litatoka kwa 1080. Na awashe mistari ya gridi kwenye kamera: safu ya kati ya gridi ya tatu kwa tatu ni asilimia 33 ya upana, na dirisha la wima ni asilimia 31.6. Mtu aliyekaa ndani ya safu ya kati, mabega na yote, atakatika vizuri.

## 3. Pima nyuso zilipo

Toa picha moja kutoka kwenye rekodi na uifungue kwa programu ya picha inayoonyesha namba za pikseli mahali kishale kilipo. Paint ya Windows huzionyesha chini ya dirisha lake.

```
ffmpeg -ss 00:14:20 -i mahojiano.mp4 -frames:v 1 picha.png
```

Pima katikati ya uso, ncha ya juu ya kichwa na kidevu. Kwenye mfano wetu, katikati ya uso wa mtangazaji ni pikseli 520 kutoka kushoto, na ya mfanyabiashara ni 1400. Vichwa vyote viwili vinaanza mstari wa 290 kutoka juu na kuishia 470. Toa picha nyingine katikati ya kipande na nyingine mwishoni. Anayezungumza kwa hamasa huinamia meza, na pikseli 150 za kuinama ni robo nzima ya dirisha lako.

Kutoka uso mmoja hadi mwingine ni pikseli 880. Dirisha ni 608. Wawili hawa hawataenea pamoja, na hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

## 4. Chagua namna ya kukata

Njia ya kwanza ni kuruka kutoka mtu hadi mtu, kila mmoja akijaza skrini anapozungumza. Katikati ya uso wa kushoto ni 520, nusu ya dirisha ni 304, kwa hiyo dirisha lingeanzia 216. Usiliache hapo. Mtangazaji anatazama kulia, na anayetazama upande fulani huhitaji nafasi mbele ya macho yake, la sivyo anaonekana kama ameegemezwa ukutani. Sogeza dirisha pikseli 50 kuelekea anakotazama, lianzie 266. Mfanyabiashara anatazama kushoto: lake lingeanzia 1096, sasa linaanzia 1046.

Kwa kimo hakuna unachochagua, kwa sababu umechukua chote. Kichwa cha mstari wa 290 kinaangukia mstari wa 516 baada ya kukuza, na kidevu mstari wa 836. Vyote viko ndani ya eneo salama, na chini yake kuna nafasi ya maandishi. Lakini angalia hali iliyo tofauti: mpiga picha akiwa ameacha nafasi ndogo juu ya kichwa, nywele zikaanza mstari wa 60, baada ya kukuza zitakuwa mstari wa 107, chini ya vile vinavyoandikwa juu na programu. Hapo njia ya kwanza haifai, nenda ya tatu.

Amri ya kuruka, mfanyabiashara akizungumza kuanzia sekunde ya 11 hadi ya 29:

```
ffmpeg -ss 00:14:20 -i mahojiano.mp4 -t 48 -vf "scale=-2:1920:flags=lanczos,crop=1080:1920:'if(between(t,11,29),1860,472)':0,setsar=1" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k kipande.mp4
```

Picha inakuzwa kwanza hadi kimo cha 1920, ndipo inakatwa. Kwa hiyo namba za mwanzo wa dirisha zimezidishwa kwa 1.78: 266 imekuwa 472, na 1046 imekuwa 1860. Kwa kuwa -ss imetangulia -i, muda ndani ya amri unahesabiwa upya kutoka sifuri.

Anayehariri kwa CapCut au programu nyingine ya simu hahitaji amri. Weka uwiano wa mradi kuwa 9:16, gawa kipande kila msemaji anapobadilika, kisha kuza kila kipande na kukisogeza kushoto au kulia. Programu inayoonyesha ukuzaji kwa asilimia inahitaji 316 ili picha ya mlalo iliyoingia nzima ijaze skrini. Ukiweka 310, kistari chembamba cheusi kitabaki juu na chini, na kwenye skrini yenye mwanga mdogo hutakiona.

Kuruka kwenyewe kuna adabu yake. Ruka robo sekunde hivi baada ya mtu kuanza kusema, sikio likishasikia sauti mpya na jicho likawa linamtafuta mwenyewe. Usimrukie anayesema "ndiyo" au "enhe" tu na kunyamaza.

Njia ya pili ni kuwaweka mmoja juu ya mwingine, kila mmoja akipata nusu ya skrini, 1080 kwa 960. Tunaipendelea kwa mahojiano kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sura ya anayesikiliza haipotei, na kwa sababu ya ung'avu: kipande cha 900 kwa 800 kinakuzwa mara 1.2 tu badala ya 1.78. Kwenye rekodi ya 1080, tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye macho na nywele.

Mtego wake ni kimo cha kila nusu. Ukiwakata wote wawili kuanzia mstari wa 120, wa juu anaanza kichwa kwenye mstari wa 204, ndani ya eneo linalofunikwa. Wa chini anaangukia kati ya 1164 na 1380, kidevu kikiwa kimezama kwenye maelezo ya video. Kila mmoja anahitaji mwanzo wake. Wa juu mkate kuanzia mstari wa 40: kichwa kinashuka hadi 300, kidevu 516. Wa chini mkate kuanzia 220: kichwa kinapanda hadi 1044, kidevu 1260, kikipita eneo salama kwa pikseli 12 tu. Katikati, mahali nusu mbili zinapokutana, panabaki utepe wa kuweka mistari miwili ya maandishi bila kumgusa yeyote usoni.

```
ffmpeg -ss 00:14:20 -i mahojiano.mp4 -t 48 -filter_complex "[0:v]split[a][b];[a]crop=900:800:70:40,scale=1080:960:flags=lanczos[juu];[b]crop=900:800:950:220,scale=1080:960:flags=lanczos[chini];[juu][chini]vstack,setsar=1[v]" -map "[v]" -map 0:a -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k kipande.mp4
```

Kagua katikati ya meza. Vipande hivi viwili vinapishana kwa pikseli 20, na kikombe kilichosimama hapo kitaonekana nusu juu na nusu chini. Kikisumbua, sogeza kila kipande nje kwa pikseli 20 au 30.

Njia ya tatu ni kuiacha picha pana ndani ya fremu ndefu. Usiiweke nzima, maana 1920 ikibanwa kuwa 1080 kila uso unabaki na kimo cha pikseli 101, na kwenye simu hiyo ni sawa na ukucha. Punguza pembeni kwanza. Kipande cha 1280 kwa 1080 kinachoanzia pikseli 320 kinawaweka wote wawili ndani, na kikipunguzwa hadi upana wa 1080 kinapata kimo cha 912. Kiweke kuanzia mstari wa 270 na kitaishia 1182, ndani kabisa ya eneo salama. Kwenye amri ya njia ya kwanza, badilisha sehemu ya -vf iwe hivi:

```
-vf "crop=1280:1080:320:0,scale=1080:-2,pad=1080:1920:0:270:color=0x1b2a33,setsar=1"
```

Rangi moja tulivu nyuma inatosha. Mandhari yenye ukungu iliyotokana na picha yenyewe imekuwa mazoea, ila mtu akinyoosha mkono, ukungu nao unatikisika na kuvuta jicho. Njia hii ndiyo ya kutumia pia pale ambapo rekodi ina ukanda wa jina uliokwishachomwa ndani ya picha. Dirisha la wima litaukata ukanda huo katikati na kuacha vipande vya maneno. Afadhali zaidi ni kumwomba mhariri toleo lisilo na ukanda, nawe ukaandika jina upya kwa herufi zinazosomeka.

## 5. Mtu anapotembea

Mwalimu anayetoka upande mmoja wa ubao kwenda mwingine hawezi kukaa ndani ya dirisha lililosimama. Anayeanza kazi hii humfuata kila hatua, na video inakuwa kama imerekodiwa na mtu aliye ndani ya mashua. Mwache asogee ndani ya dirisha kadiri anavyoweza bila mabega kugusa ukingo. Dirisha lihame pale tu anapohama kweli, lihame mara moja, kisha litulie.

Tuseme anatoka pikseli 500 hadi 1500 ya rekodi kati ya sekunde ya 5 na ya 9. Baada ya kukuza, dirisha linatakiwa kutoka 349 hadi 2127, safari ya pikseli 1778. Ukilihamisha kwa mwendo mmoja usiobadilika, litaanza kwa kushtuka na kusimama kwa kushtuka. Lianze polepole, lishike kasi, limalizie polepole. Lianzishe nusu sekunde kabla yake na limalize nusu sekunde baada yake: kwa hesabu hiyo, hatoki katikati ya dirisha kwa zaidi ya pikseli 80 hivi wakati wote wa safari. Kwenye amri ile ya kuruka, sehemu ya crop iwe hivi:

```
crop=1080:1920:'349+1778*(1-cos(PI*clip((t-4.5)/5,0,1)))/2':0
```

Kwenye programu ya simu, kazi hii hufanywa kwa alama za almasi: weka almasi ya kwanza kwenye sekunde ya 4.5 picha ikiwa mahali pa mwanzo, ya pili kwenye 9.5 ikiwa mahali pa mwisho, kisha chagua mwendo unaoanza na kumalizika polepole. Almasi mbili zinatosha. Ukijikuta umeweka nane kwa hatua moja ya mwalimu, futa sita.

Kuna tatizo linalowasumbua hasa wanaotumia amri: dirisha linapohama polepole, picha inatetemeka kwa vijiruko vidogo. Sababu ni kwamba rangi kwenye video za kawaida huhifadhiwa kwa pikseli mbili mbili, na kichujio cha crop hulazimisha dirisha lianze kwenye namba shufwa. Ukikata kwanza na kukuza baadaye, kila hatua ya pikseli mbili inakuwa karibu nne kwenye skrini. Ndiyo maana hapo juu scale imetangulia crop. Hatua inabaki mbili, na jicho haliioni.

## 6. Maandishi

Kwenye fremu ya upana wa 1080, ukiacha 150 kila upande, unabaki na 780. Herufi nene zenye mstari wa kimo cha pikseli 73 huenea 20 hadi 22 kwenye upana huo. Mistari iwe miwili, isizidi. Kiswahili hapa kina tabia yake. Kitenzi kimoja kama "hawakutuambia" kinabeba sentensi nzima na kinakula nusu ya mstari, ilhali "ya" na "na" hazina uzito zikisimama peke yake. Mtindo wa kuonyesha neno moja moja likiruka unatushinda kwa sababu hiyo: "ya" inawaka peke yake katikati ya skrini, kisha neno la herufi kumi na tatu linapita kwa muda uleule.

Vunja mstari kwa kifungu cha maana, na viunganishi viende na kinachofuata:

Bei ya mchele ilipanda
kwa sababu ya mafuriko

Mistari hii ina herufi 22 kila mmoja, nafasi zikihesabiwa. Ikivunjwa "Bei ya mchele ilipanda kwa" na kufuatiwa na "sababu ya mafuriko", mstari wa kwanza unazidi upana na msomaji anabaki ananing'inia kwenye "kwa". Maandishi yakitengenezwa na programu yenyewe, pita mstari kwa mstari ukirekebisha mivunjo hii kabla ya kugusa rangi au mtindo wa herufi.

Ukiwa na faili ya SRT, yaani maandishi pamoja na nyakati zake, yachome ndani ya picha hivi:

```
ffmpeg -i kipande.mp4 -vf "subtitles=maandishi.srt:force_style='FontName=Arial,Bold=1,FontSize=11,Outline=1,MarginV=101,MarginL=53,MarginR=53'" -c:v libx264 -crf 18 -c:a copy tayari.mp4
```

FontSize ya 11 inaonekana ndogo mno, na wengi huandika 70 wakapata herufi inayojaza skrini. Kwa faili ya SRT, namba hizi hazihesabiwi kwa pikseli za video yako. Zinahesabiwa kwa ubao wa kufikirika wa 384 kwa 288. Kimo cha 1920 ukikigawa kwa 288 unapata 6.67, kwa hiyo 11 ni kama pikseli 73, na MarginV ya 101 inayaweka maandishi juu ya pikseli 673 za chini, ukingoni mwa eneo salama. Pembeni gawa 1080 kwa 384 upate 2.81: 53 ni pikseli 149. Kwa njia ya nyuso mbili juu na chini, badilisha MarginV iwe 133, na mistari miwili itakaa kati ya 887 na 1033, kwenye utepe ule tulioubakiza.

Mweupe wenye ukingo mweusi unasomeka juu ya karibu kila kitu. Kwenye kanzu nyeupe au ukuta mweupe unaopigwa jua ongeza Outline hadi 1.5, au weka kisanduku cheusi nyuma ya maneno.

Picha ya jalada ina kipimo chake. Tangu mwaka 2025 gridi ya wasifu wa Instagram huonyesha uwiano wa 3:4, yaani kutoka mstari wa 240 hadi 1680 wa fremu yako. Kichwa cha habari kilichoandikwa mstari wa 200 kitasomeka video ikicheza, kama hakijafunikwa, lakini kwenye gridi kitakatwa.

## 7. Dalili za kuharibika

Ukipakia na video ikaonekana ndogo katikati, nyeusi juu, chini, kushoto na kulia, mradi ulibaki kwenye 1920 kwa 1080 na wewe ukaweka kipande cha wima ndani yake. Programu ya simu imeipokea kama video ya mlalo. Kukuza tena hakutasaidia. Badilisha vipimo vya mradi na utoe faili upya.

Nyuso zikiwa nyembamba au pana kuliko kawaida, uwiano wa pikseli umeharibika kwenye mahesabu ya kukata, na setsar=1 ndiyo inayoutuliza. Kipande kikilala ubavu, rekodi ya simu imehifadhiwa kama mlalo na alama ya kuzungushwa pembeni yake, nayo programu uliyotumia imeipuuza. Kizungushe nyuzi 90 ndani ya mradi kabla ya kupima chochote, kwa sababu namba zako zote za nyuso zitakuwa zimebadilika.

Picha ikiwa laini kama iliyopakwa mafuta ilhali faili yako ilikuwa safi kwenye kompyuta, linganisha na toleo la nyuso mbili au la dirisha pana kutoka rekodi ileile. Hayo yakitoka makali, tatizo ni ukuzaji wa 1.78, na kipande hicho hakifai kwa uso mmoja mmoja.

Jaribio la mwisho lifanyie kwenye simu, video ikiwa imepakiwa kwa siri na maelezo yake kamili. Itazame mara moja bila sauti, ukisoma maandishi tu. Kisha isimamishe pale mfanyabiashara anapoinama zaidi ya wakati wote na utazame sikio lake la upande wa ukingo. Likikatika, rudi kwenye namba ya mwanzo wa dirisha, isogeze pikseli 30 kuelekea anakoinamia, na utoe faili upya.